Kupima Umbo la Sentensi Ngazi kwa Ngazi: Foleni na Wastani wa Vifundo vya Mti wa Matawi Mawili

1.0 Utangulizi



Naomba nianze mhadhara huu kwa sentensi mbili fupi:

(1) Mtoto mdogo alisoma kitabu kipya.
(2) Alitaka kujua sababu ya ugomvi.

Kila moja ina maneno matano. Mtafiti anayepima sentensi kwa kuhesabu maneno yake atatuambia kwamba sentensi hizi zinalingana, na kwa kipimo chake atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, tukizisoma kwa utulivu tunahisi tofauti. Sentensi ya kwanza imegawanyika katika sehemu mbili zinazokaribiana kwa uzito: kuna mtoto na sifa yake, kisha kuna tendo na kitabu chake. Sentensi ya pili haigawanyiki hivyo. Inateremka kama ngazi ya kisima: kutaka kunadai kujua, kujua kunadai sababu, na sababu inadai ugomvi. Swali la leo ni hili: je, tofauti hiyo tunayoihisi tunaweza kuieleza kwa tarakimu, kwa utaratibu ambao mtu mwingine akiurudia atapata jibu lile lile?

Jibu ni kwamba tunaweza, na utaratibu wenyewe si mgumu. Tunaichora sentensi kama mti, tunakipa kila kifundo cha mti thamani, kisha tunatafuta wastani wa thamani hizo katika kila ngazi. Chombo cha kufanyia kazi hiyo ni foleni.

Ninayo sababu nyingine ya kuchagua mada hii. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa jedwali la vipimo vya namna hii kutokana na sentensi za insha za wanafunzi. Jedwali lilionekana safi. Idadi ya ngazi ilikuwa sahihi na hakuna tarakimu iliyostaajabisha. Siku moja kabla ya kulipeleka kwa mhariri, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akinisaidia kulisoma aliniuliza: "Mwalimu, mbona sentensi hii ya maneno matano inaanza na 2.75?" Sikuwa na jibu. Usiku ule niligundua kwamba jedwali zima lilikuwa batili, kwa sababu ya jambo dogo mno ambalo nitalieleza katika sehemu ya tano. Ni afadhali kosa hilo mlijue kwangu kuliko kulijua kama nilivyolijua mimi.

2.0 Mti na vifundo vyake

Wanaisimu wamezoea kuchora miti ya sentensi, hasa tangu kazi ya Noam Chomsky ya mwaka 1957. Mti wetu, tofauti na mwembe au mbuyu, huchorwa mizizi juu. Kila mahali matawi yanapokutana au kuishia panaitwa *kifundo*. Wengine husema *nodi*. Kifundo cha juu kabisa ni *mzizi*. Kifundo kinachotoa matawi ni *mzazi*, na vile vilivyo mwishoni mwa matawi yake ni *watoto* wake. Kifundo kisicho na mtoto ni *jani*. Mzizi peke yake ndio ngazi ya kwanza, watoto wake ni ngazi ya pili, wajukuu wake ni ngazi ya tatu, na kadhalika.

Mti wa matawi mawili ni mti ambao kifundo chochote hakizidi watoto wawili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Katika isimu, hoja kwamba matawi ya sentensi hugawanyika mawili mawili ilijengwa kwa nguvu na Richard Kayne mwaka 1984. Si wanasarufi wote wanaoikubali, na nitalirudia suala hilo mwishoni.

Mti wa sentensi ya kwanza tunaweza kuuandika kwa mabano, ambapo S ni sentensi, KN ni kirai nomino na KT ni kirai kitenzi:

```
[S [KN mtoto mdogo] [KT alisoma [KN kitabu kipya]]]
```

Sasa tunahitaji thamani za vifundo, maana wastani hautafutwi bila tarakimu. Nitatumia thamani iliyo rahisi kuliko zote: idadi ya maneno yaliyo chini ya kifundo hicho. Mzizi S unabeba maneno yote, hivyo thamani yake ni 5. KN ya *mtoto mdogo* ina thamani 2, na KT ya *alisoma kitabu kipya* ina 3. Kila neno peke yake ni jani lenye thamani 1. KN ya *kitabu kipya* ina 2. Mti wote una vifundo 9.

Idadi hiyo haikutokea kwa bahati. Mti wowote wa matawi mawili ambao kila mzazi ana watoto wawili kamili, ukiwa na majani 5, lazima uwe na vifundo 9. Kwa jumla, majani yakiwa *n*, vifundo ni *2n* ukiondoa 1. Tuikumbuke kanuni hiyo, kwa sababu itatufaa katika kukagua kazi, ingawa tutaona kwamba haitoshi.

Neno *wastani* lenyewe limetokana na Kiarabu na asili yake ni dhana ya katikati. Hapa tunalitumia kwa maana ya hesabu tu: jumla ya thamani kugawanywa kwa idadi ya vifundo. Wastani wa 1, 1, 1 na 2 ni 1.25, ingawa hakuna kifundo hata kimoja chenye thamani hiyo.

3.0 Kwa nini foleni

Mtu akiutazama mti uliochorwa ubaoni huziona ngazi zake mara moja. Kompyuta haioni mchoro. Inachokijua ni kwamba mzizi una mtoto wa kushoto na mtoto wa kulia, na kwamba kila mmoja wa hao naye huenda ana watoto wake. Kutoka kwenye *mtoto* hakuna njia ya moja kwa moja ya kwenda kwenye *alisoma*, ingawa vyote viwili viko katika ngazi ya tatu. Uhusiano wao unapitia kwa wazazi na babu yao. Kazi yetu basi ni kuvikusanya vifundo vya ngazi moja vilivyotawanyika katika koo mbalimbali.

Tukivihifadhi vifundo vinavyosubiri kama rundo la sahani, ambapo sahani iliyowekwa mwisho ndiyo inayoondolewa kwanza, tutajikuta tunateremka hadi mwisho wa tawi moja kabla ya kugusa tawi la pili. Mpangilio huo una matumizi yake mengi, lakini unazichanganya ngazi. Foleni hufuata haki ya kituo cha basi chenye utaratibu mwema: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kupanda. Kifundo kinapohudumiwa, watoto wake hujiunga nyuma ya wote waliokuwa wakisubiri. Kwa hiyo hakuna mjukuu atakayehudumiwa kabla mtoto wa mwisho hajahudumiwa.

Utaratibu wa kupita ngazi kwa ngazi una umri mkubwa kiasi. Konrad Zuse, mhandisi wa Kijerumani, aliueleza mwaka 1945 katika kazi ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 1972. Edward Moore aliuchapisha mwaka 1959, naye alikuwa akitafuta njia fupi kuliko zote ya kupita katika mzingile. Sisi tunautumia kwa shabaha nyingine, lakini fadhila yake ni ile ile: walio karibu na mwanzo huhudumiwa kabla ya walio mbali.

Foleni peke yake, hata hivyo, hutupa mfuatano tu. Vifundo vyetu tisa vitatoka kwa mpangilio wa thamani 5, 2, 3, 1, 1, 1, 2, 1, 1. Ngazi zimepangwa, lakini hatujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Tunahitaji alama ya mpaka, na alama hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Kabla ya kuanza duru ya kuhudumia, tunahesabu walio katika foleni na kuiandika idadi hiyo kando. Kisha tunahudumia idadi hiyo tu, hata kama foleni itaendelea kurefuka nyuma. Mwanzoni mwa kila duru, foleni huwa na vifundo vyote vya ngazi moja na hakuna kingine. Sharti hilo likitimia mwanzoni mwa duru moja, litatimia pia mwanzoni mwa duru inayofuata, kwa sababu wote waliohesabiwa wameondoka na waliobaki ni watoto wao tu.

4.0 Hatua kwa hatua

Huu hapa utaratibu wenyewe kwa lugha ya Paithoni. Majina ya vigeu nimeyaweka kwa Kiswahili, jambo ambalo lugha hiyo inaliruhusu bila taabu.

```python
from collections import deque

def wastani_wa_ngazi(mzizi):
    majibu = []
    if mzizi is None:
        return majibu
    foleni = deque([mzizi])
    while foleni:
        idadi = len(foleni)
        jumla = 0
        for _ in range(idadi):
            kifundo = foleni.popleft()
            jumla += kifundo.thamani
            if kifundo.kushoto is not None:
                foleni.append(kifundo.kushoto)
            if kifundo.kulia is not None:
                foleni.append(kifundo.kulia)
        majibu.append(jumla / idadi)
    return majibu
```

Tuifuate sentensi ya kwanza ndani ya utaratibu huu.

*Duru ya kwanza.* Foleni ina S peke yake, kwa hiyo idadi ni 1. S anatoka na thamani yake 5. Watoto wake, KN (2) na KT (3), wanajiunga na foleni. Idadi imetimia. Wastani ni 5 kwa 1, yaani 5.

*Duru ya pili.* Foleni ina KN na KT, kwa hiyo idadi ni 2. KN anatoka na 2, na nyuma wanajiunga *mtoto* na *mdogo*. Foleni sasa ina watatu, lakini idadi tuliyoiandika bado ni 2, na tumehudumia mmoja tu. KT anatoka na 3, na nyuma wanajiunga *alisoma* na KN ya *kitabu kipya*. Jumla ni 5, wastani ni 2.5.

*Duru ya tatu.* Foleni ina wanne: *mtoto*, *mdogo*, *alisoma* na KN ya *kitabu kipya*. Thamani zao ni 1, 1, 1 na 2. Watatu wa mwanzo ni majani, wanaondoka bila kuacha mtoto. Wa nne anaacha *kitabu* na *kipya*. Jumla ni 5, idadi ni 4, wastani ni 1.25.

*Duru ya nne.* Wamebaki *kitabu* na *kipya*. Jumla ni 2, idadi ni 2, wastani ni 1. Foleni ni tupu na kazi imekwisha.

Kila kifundo kimeingia katika foleni mara moja na kutoka mara moja. Kwa hiyo mti wa vifundo mara kumi zaidi hudai kazi mara kumi zaidi, si mara mia. Faida hiyo inategemea foleni ya kweli. Mtu akitumia orodha ya kawaida na kumtoa wa mbele, kompyuta hulazimika kuwasogeza wote waliobaki hatua moja mbele kila mara. Kwa sentensi moja hatalitambua hilo, lakini kwa mti mkubwa wenye ngazi pana ataligundua kwa kusubiri.

Sasa tuichukue sentensi ya pili. Kwa kuwa mtenda ametajwa ndani ya kitenzi chenyewe, tunaanzia kwenye KT. KH ni kirai chenye a-unganifu:

```
[KT alitaka [KT kujua [KN sababu [KH ya ugomvi]]]]
```

Ngazi ya kwanza ina 5. Ya pili ina 1 na 4, ya tatu ina 1 na 3, ya nne ina 1 na 2, ya tano ina 1 na 1. Tukiziweka sentensi mbili pamoja tunapata:

```
Ngazi        1     2     3     4     5
Sentensi 1   5     2.5   1.25  1
Sentensi 2   5     2.5   2     1.5   1
```

Tuusome mpangilio huu kwa makini. Ngazi ya kwanza inarudia urefu wa sentensi tu. Ngazi ya pili haitupi habari mpya kabisa: kwa vyovyote sentensi itakavyogawanywa, sehemu zake mbili zitakuwa na maneno matano kwa pamoja, na wastani wake lazima uwe nusu ya tano. Tofauti huanza kuonekana katika ngazi ya tatu. Katika sentensi ya kwanza sehemu zote mbili zimeendelea kugawanyika, hivyo maneno matano yameenea katika vifundo vinne. Katika sentensi ya pili sehemu moja imeishia kuwa jani, na mzigo wa maneno manne umebebwa na vifundo viwili. Wastani unaposhuka haraka, matawi yameenea kwa upana. Unaposhuka polepole, sentensi imening'inia kwenye tawi moja refu. Ile hisia tuliyoanza nayo sasa ina tarakimu.

5.0 Kosa la kuhesabu foleni inayotembea

Narudi kwenye jedwali langu lililoharibika. Katika utaratibu nilioutumia wakati ule sikuiandika idadi kando. Niliandika hivi, nikidhani ni kitu kile kile:

```python
i = 0
while i < len(foleni):
    kifundo = foleni.popleft()
    i += 1
```

Mistari ya kujumlisha na kuongeza watoto ilifuata kama kawaida, na mwisho niligawanya jumla kwa `i`. Tatizo ni kwamba urefu wa foleni unaulizwa upya kila mara, na foleni yenyewe inabadilika: wa mbele wanaondoka na watoto wanaingia nyuma. Ni sawa na karani anayeambiwa awahudumie watu waliopo, naye akahesabu upya kila anapomaliza mmoja, wakiwamo waliofika sasa hivi.

Tuone linalotokea kwa sentensi ya kwanza. S anatoka, wawili wanaingia. `i` ni 1 na urefu ni 2, kwa hiyo duru haikomi. KN anatoka, wawili wanaingia; `i` ni 2, urefu ni 3. KT anatoka, wawili wanaingia. `i` ni 3, urefu ni 4. *Mtoto* anatoka bila kuacha mtoto. `i` ni 4, urefu ni 3, na sasa ndipo duru inakoma. Inayoitwa ngazi ya kwanza imekusanya 5, 2, 3 na 1. Jumla ni 11, na 11 kwa 4 ni 2.75. Hiyo ndiyo tarakimu aliyoniuliza mwanafunzi wangu. Duru zinazofuata zinatoa 1, kisha 1.5, kisha 1:

```
Sahihi    5     2.5   1.25  1
Kosa      2.75  1     1.5   1
```

Angalieni jinsi kosa hili linavyojificha. Majibu ni manne, na mti una ngazi nne kweli. Vifundo vilivyohudumiwa ni tisa, kwa hiyo ile kanuni ya *2n* ukiondoa 1 inatimia. Kompyuta haikulalamika. Hata tarakimu ya mwisho ni sahihi. Lakini ngazi zimechanganywa, wajukuu wamehesabiwa pamoja na babu, na hitimisho lolote ambalo lingejengwa juu yake lingekuwa la uongo.

Njia ya kulitambua ni kuuliza yale tunayoyajua kabla ya kuhesabu. Jibu la kwanza lazima liwe sawa na thamani ya mzizi, kwa kuwa mzizi uko peke yake katika ngazi yake. Kwa thamani tulizozichagua, jibu la pili lazima liwe nusu ya la kwanza. Tena, wastani ukishafika 1, hakuna ngazi nyingine inayoweza kufuata. Wastani wa 1 maana yake ni kwamba vifundo vyote vya ngazi hiyo ni majani, na majani hayana watoto. Jedwali langu lilipanda kutoka 1 hadi 1.5, hilo peke yake lilitosha kunishtua, kama ningelitazama.

6.0 Makosa ya kugawanya na ya kuunganisha

Yapo makosa mengine mawili ambayo hayahusu foleni bali wastani wenyewe.

La kwanza ni la kugawanya. Katika lugha kadhaa za kompyuta, zikiwamo Si na Java, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na sehemu iliyobaki hutupwa. Hapo 5 kwa 2 ni 2, na 5 kwa 4 ni 1. Sentensi yetu ya kwanza ingetoa 5, 2, 1, 1. Paithoni nayo ilikuwa hivyo hadi toleo la 3.0 lilipotoka mwaka 2008, kwa hiyo utaratibu ulioandikwa zamani hutoa majibu tofauti kulingana na toleo linalouendesha. Dalili yake ni jedwali lisilo na desimali hata moja. Mtafiti akiona hivyo katika sentensi zenye idadi ya maneno isiyogawanyika kwa mbili, ajue desimali zimetupwa.

La pili ni la kuunganisha sentensi nyingi. Tuseme tunataka wastani wa ngazi ya tatu kwa sentensi zetu mbili kwa pamoja. Tukichukua wastani wa wastani, yaani 1.25 na 2, tunapata 1.625. Tukizichukua jumla zenyewe, sentensi ya kwanza ina 5 katika vifundo vinne, na ya pili ina 4 katika vifundo viwili. Kwa pamoja ni 9 katika vifundo sita, nayo ni 1.5. Majibu yote mawili ni halali, lakini yanajibu maswali tofauti. La kwanza linaipa kila sentensi kura moja. La pili linakipa kila kifundo kura moja, na hivyo sentensi zenye matawi mengi husikika zaidi. Mtafiti achague moja na aseme amechagua lipi. Na kwa kuwa ukishaandika wastani peke yake huwezi kuirudia jumla, ni busara kuhifadhi jumla na idadi ya kila ngazi, na kuacha kugawanya kuwe hatua ya mwisho.

7.0 Mipaka ya kipimo

Kipimo hiki kina upofu wake, na Kiswahili kinatupa mfano mzuri wa kuuonyesha. Tuchukue kirai *mtoto wa mwalimu mgonjwa*. Ni nani mgonjwa? Kwa kuwa *mtoto* na *mwalimu* wako katika ngeli moja, upatanisho wa kivumishi hautusaidii. Kama tungesema *kitabu cha mwalimu*, basi *kipya* kingeelekea kwenye kitabu na *mpya* kwa mwalimu, wala kusingekuwa na shaka. Hapa tuna miti miwili:

```
A: [[mtoto [wa mwalimu]] mgonjwa]
B: [mtoto [wa [mwalimu mgonjwa]]]
```

Katika mti A mgonjwa ni mtoto. Katika mti B mgonjwa ni mwalimu. Tukipitisha miti hii katika foleni, mti A unatoa 4. Kisha 3 na 1. Kisha 1 na 2. Kisha 1 na 1. Mti B unatoa 4. Kisha 1 na 3. Kisha 1 na 2. Kisha 1 na 1. Wastani wa miti yote miwili ni 4, 2, 1.5 na 1. Maana mbili zilizo mbali kabisa zimepata kipimo kimoja. Sababu ni kwamba kujumlisha hakujali mpangilio: 3 na 1 ni sawa na 1 na 3. Kipimo kinajua mzigo uko chini kiasi gani, hakijui uko upande gani. Anayehitaji kujua upande anaweza kutunza jumla mbili katika kila duru, ya watoto wa kushoto na ya watoto wa kulia; hapo ngazi ya pili ya mti A itasomeka 3 na 1, na ya mti B 1 na 3.

Mpaka mwingine unahusu mti tunaoanza nao. Katika *Mwalimu alimpa mtoto kitabu*, wanasarufi wengi hukipa kirai kitenzi watoto watatu: kitenzi na nomino mbili. Utaratibu wetu unajua kushoto na kulia tu. Mtoto wa tatu akiachwa bila mahali, hautatoa onyo lolote. Utamsahau kimya kimya. Dalili ni kwamba majani yaliyohudumiwa ni pungufu kuliko maneno ya sentensi. Vilevile, kifundo chenye mtoto mmoja tu, kama KN iliyo na nomino peke yake, huongeza ngazi bila kuongeza neno na hivyo kusukuma tarakimu zote zilizo chini yake. Mtafiti aamue kama atavihifadhi vifundo hivyo au atavifuta, kisha ashike uamuzi huo kwa sentensi zote anazozilinganisha.

Mwisho, tumehesabu maneno kama yanavyoandikwa. Katika Kiswahili neno moja kama *hawatanisomea* hubeba ukanushi, nafsi mbili, njeo, mzizi na kauli ya kutendea. Mtu anayelinganisha Kiswahili na lugha isiyo na vitenzi vya namna hiyo angepaswa kuweka mofimu badala ya maneno kuwa thamani za majani. Foleni haitabadilika hata kidogo. Kitakachobadilika ni tarakimu zinazoingia ndani yake.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba umbo la sentensi linaweza kupimwa ngazi kwa ngazi, na kwamba kazi yote imesimama juu ya mstari mmoja: kuiandika idadi ya walio katika foleni kabla ya kumhudumia wa kwanza wao. Mstari huo ukiwapo, kila duru ni ngazi moja kamili. Ukikosekana, tarakimu zitatoka kwa unadhifu ule ule na hazitakuwa na maana.

Kwa wanafunzi waliopo hapa nina ombi moja. Kabla ya kuipa kompyuta sentensi elfu moja, chukueni sentensi moja ya maneno matano, ichoreni kwa mkono, na andikeni majibu yake karatasini. Kisha linganisheni. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, na kama ningeifanya mwenyewe wakati ule, nisingehitaji kuulizwa swali lile na mwanafunzi wangu. Namshukuru kwa kuliuliza.